Miche 2,000 ya sabuni bado iko kwenye chanja mwisho wa mwezi: vizio linganifu nihesabu vipi?

Karani_wa_Chanja
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa gharama za viwandani.

Nimepokea vitabu vya kiwanda kidogo cha sabuni za miche. Sabuni inapikwa kwenye mapipa, inamwagwa kwenye fremu, inalala usiku, inakatwa miche, halafu inapandishwa kwenye chanja ikauke. Ikishakauka inapigwa chapa na kuingia katoni. Tunafunga hesabu kila mwisho wa mwezi, na kila mwezi chanja zinakutwa na mzigo.

Mwezi uliopita ulikuwa hivi. Tulianza na miche 1,000 iliyobaki kutoka mwezi wa nyuma. Tukapika mingine 11,000. Iliyokamilika na kwenda stoo ni 10,000, na 2,000 ikabaki kwenye chanja. Msimamizi wa uzalishaji ameandika kwenye fomu kwamba hiyo 2,000 ni "nusu".

Gharama zote, pamoja na zile zilizoletwa na miche 1,000 ya mwanzo, ni shilingi 25,100,000. Malighafi ni 18,000,000, mishahara na gharama za kiwanda 6,600,000, katoni 500,000.

Bosi anagawanya zote kwa 10,000, anapata 2,510 kwa mche. Tunauza kwa 2,600, kwa hiyo anasema 90 inayobaki ni ndogo mno, ni kama tunafanya kazi ya hasara, na anataka kupandisha bei wiki ijayo. Karani aliyekuwepo kabla yangu alikuwa anagawanya kwa 12,000, anapata 2,092. Mimi nimechukua 10,000 nikajumlisha nusu ya 2,000, nikapata 11,000, na mche ukawa 2,282. Watu watatu, bei tatu. Nani yuko sahihi?

Kaptula_Ndefu
Wewe ndiye uko sahihi mkuu, hapo hakuna mjadala. Miche 2,000 iliyofika nusu ni sawa na miche 1,000 iliyokamilika, ndiyo maana ya vizio linganifu. Bosi anaibebesha ile 10,000 gharama za sabuni ambayo bado iko kwenye chanja, na yule karani wa zamani anaihesabu sabuni mbichi kama imeshaingia katoni. Gawanya kwa 11,000, funga kitabu, kalale.

Mzee_wa_Leja
Kaptula, umemlaza mapema.

Kijana, kabla sijasema neno nijibu maswali mawili. Mafuta, kostiki na vitu vingine vyote vinaingia wakati gani? Na katoni inaingia wakati gani?

FundiCherehani_Moro
Wakuu na mimi niulize hapohapo. Nashona sare za shule. Nikipokea oda ya shule moja sketi 200, mwisho wa mwezi 120 zimeisha na 80 zimekatwa tu hazijashonwa. Na mimi nihesabu nusu?

Mzee_wa_Leja
Fundi, wewe hesabu yako ni rahisi zaidi, usijitie kwenye kamba hii. Una oda yenye jina la shule, kitambaa unajua umenunua mita ngapi kwa ajili ya shule hiyo, na mafundi unawalipa kwa kipande. Fungua karatasi moja ya oda hiyo na uandike kila kilichoingia. Mwisho wa mwezi jumla ya karatasi hiyo ndiyo thamani ya kazi yako isiyoisha. Mwenye sabuni hana njia hiyo, kwa sababu pipa halijui mche upi ni wa mteja yupi. Ndiyo maana yeye analazimika kutafuta wastani.

FundiCherehani_Moro
Nimeelewa, asante mzee. Ila mafundi nawalipa kwa siku, sio kwa kipande. Nitafungua uzi wangu.

Karani_wa_Chanja
Mzee shikamoo. Majibu: mafuta ya mawese, kostiki, silikati na manukato vyote vinaingia kwenye pipa siku ya kupika. Baada ya hapo hakiongezwi kitu chochote mpaka siku ya kufunga, ndipo katoni inapotoka stoo. Ile 2,000 yote ilikuwa imeshakatwa, iko kwenye chanja, katoni bado.

Mzee_wa_Leja
Marahaba. Basi jibu umelitoa mwenyewe.

Hiyo miche 2,000 ni nusu ya nini? Mafuta yake yako ndani yote, hayawezi kuwa nusu. Ukienda kwenye chanja ukauchukua mche mmoja, umebeba mafuta yaleyale na kostiki ileile iliyomo kwenye mche ulioko stoo. Kwa upande wa malighafi mche huo umekamilika. Kwa upande wa katoni haujaanza. Nusu, kama ni nusu kweli, iko kwenye kazi ya watu na gharama za kiwanda peke yake.

Kwa hiyo usitafute kigawanyo kimoja. Unavyo vitatu, kila fungu la gharama na chake:

Malighafi: 10,000 iliyokamilika na 2,000 ya kwenye chanja ikihesabiwa nzima, jumla 12,000. Gawanya 18,000,000 kwa 12,000, unapata 1,500.

Kazi na kiwanda: 10,000 na nusu ya 2,000, jumla 11,000. Gawanya 6,600,000, unapata 600.

Katoni: 10,000 tu. Gawanya 500,000, unapata 50.

Mche uliokamilika umekula 2,150. Iliyokwenda stoo ni 10,000, kwa hiyo 21,500,000. Ya kwenye chanja ina malighafi ya miche 2,000 kwa 1,500, yaani 3,000,000, na kazi ya vizio 1,000 kwa 600, yaani 600,000. Jumla 3,600,000. Sasa jumlisha 21,500,000 na 3,600,000. Zikirudi 25,100,000, hakuna shilingi iliyopotea.

Angalia na hesabu yako ya 11,000 ilivyofanya. Uliipa sabuni ya chanja thamani ya 2,281,818, wakati mafuta na kemikali zake peke yake zimegharimu milioni tatu. Ukiona mzigo wa katikati una thamani ndogo kuliko malighafi zilizomo ndani yake, jua kigawanyo kimekosewa, huna haja hata ya kushika kikokotozi.

Kaptula_Ndefu
Sawa mzee, nimekuelewa. Lakini mbona na mimi nikijumlisha kwa njia yangu zinarudi 25,100,000? Nimejaribu sasa hivi.

Mzee_wa_Leja
Zitarudi tu. Hata njia ya bosi zitarudi: 10,000 mara 2,510 ni 25,100,000, na sabuni ya chanja inabaki na thamani ya sifuri. Jumla kurudi kunaonyesha hukupoteza fedha njiani, lakini hakuonyeshi kwamba umezigawa kwa haki. Watu wengi wanadanganyika hapo, wakiona pande mbili zinalingana wanasaini.

Karani_wa_Chanja
Dah. Kwa hiyo mche ni 2,150 na bosi anauza 2,600. Hasara haipo.

Mzee_wa_Leja
Kwenye uzalishaji haipo. Gharama za kuuza, usafiri na ofisi sijaziona, hizo hazimo humu na hazitakiwi kuwemo. Usimwambie bosi ana faida ya 450 kwa mche kabla hujazitoa.

mtahiniwa_Iringa
Samahani wakuu, mimi najiandaa na mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, na hapa ndipo nakwama siku zote. Hiyo miche 1,000 ya mwanzo imekwenda wapi? Kwenye maswali wanatoa na asilimia yake. Mzee hakuigusa kabisa.

Mzee_wa_Leja
Sikuigusa kwa sababu nimetumia wastani. Kwenye wastani unachukua gharama zilizokuja na ile 1,000, unazimwaga pamoja na za mwezi huu, kisha unagawa kwa kazi yote iliyofikiwa hadi mwisho wa mwezi. Ile 1,000 imo ndani ya 10,000 iliyokamilika. Asilimia iliyokuwa nayo mwanzoni haikusaidii kitu, na kwenye mtihani huwa wanaiweka palepale kukutega.

Asilimia hiyo inaingia kazini ukifuata njia ya kwanza kuingia kwanza kutoka. Hapo unataka kujua mwezi huu peke yake umefanya kazi kiasi gani, kwa hiyo kazi iliyofanywa mwezi uliopita lazima uitoe. Karani, tupe mgawanyo wa hiyo ya mwanzo tumwonyeshe mwenzako.

Karani_wa_Chanja
Ya mwanzo: malighafi 1,400,000, kazi na kiwanda 200,000. Fomu ya mwezi ule inasema ilikuwa asilimia 40. Kwa hiyo za mwezi huu peke yake ni malighafi 16,600,000 na kazi 6,400,000. Katoni zote ni za mwezi huu.

mtahiniwa_Iringa
Ngoja nijaribu. Malighafi ya mwezi huu imeingia kwenye miche 11,000 iliyoanzishwa tu. 16,600,000 kwa 11,000 ni 1,509. Kazi: ile 1,000 ilibakiza asilimia 60, hiyo ni 600. Iliyoanza na kuisha mwezi huu ni 9,000. Ya chanja 1,000. Jumla 10,600. 6,400,000 kwa 10,600 ni 603.77.

Sabuni ya chanja basi ni 2,000 mara 1,509.09 na 1,000 mara 603.77, inakuja 3,621,956. Niko sawa?

Mzee_wa_Leja
Uko sawa kabisa. Umeona tofauti? Kwa wastani ilikuwa 3,600,000. Zimepishana elfu ishirini na kidogo. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2 kinakubali njia zote mbili, na kwa kiwanda hiki nisingemsumbua karani na ya pili, isipokuwa mwezi ambao mawese yamepanda bei ghafla. Hapo wastani utaificha bei mpya ndani ya ile ya zamani, na bosi atachelewa kuiona.

Bi_Mkaguzi_Thika
Hamjambo wadau. Nimesoma uzi wote na nashangaa kila mtu amepita juu ya kitu kimoja. Nani amesema hiyo sabuni ni nusu?

Karani_wa_Chanja
Msimamizi, dada. Ameandika kwenye fomu.

Bi_Mkaguzi_Thika
Najua ameandika. Nauliza amejuaje. Sabuni yenu inakaa kwenye chanja muda gani?

Karani_wa_Chanja
Kama wiki mbili, kutegemea jua na mvua. Hiyo 2,000 ilikuwa na wiki moja. Ndiyo maana akaandika nusu.

Bi_Mkaguzi_Thika
Hapo ndipo nilipokuwa naelekea. Nilifanya ukaguzi wa viwanda miaka kadhaa kabla ya kuhamia upande wa ushauri, na kila nilipokuta asilimia 50 kwenye fomu nilikuwa nashuka chini nikaangalie. Msimamizi anapima kalenda. Wewe unatakiwa kupima gharama. Sabuni ikiwa kwenye chanja inakauka peke yake, hakuna mtu anayeitolea jasho. Kazi kubwa ilishafanyika kwenye pipa, kwenye fremu na kwenye waya wa kukatia. Wiki moja ya kukauka ni nusu ya muda wa chanja, si nusu ya fedha.

Nipe mchanganuo wa hiyo 6,400,000 ya mwezi: ngapi ilikwenda wapi?

Karani_wa_Chanja
Nimekaa na daftari la mishahara na bili. Kupika, kumwaga na kukata, pamoja na kuni na umeme: karibu 4,800,000. Banda la chanja, yaani kodi yake na vijana wawili wanaogeuza miche: 640,000. Kupiga chapa na kufunga: 960,000.

Bi_Mkaguzi_Thika
Vizuri sana, wengi hawana hata daftari. Hiyo ni asilimia 75, asilimia 10 na asilimia 15. Sabuni iliyokaa wiki moja kati ya mbili imeshapita ile 75 yote, imekula nusu ya ile 10, na haijagusa ile 15. Jumla asilimia 80. Si 50.

Sasa rudia fungu la kazi. 10,000 na asilimia 80 ya 2,000 ni 11,600. 6,600,000 kwa 11,600 ni 569 badala ya 600. Mche uliokamilika unashuka hadi 2,119, na sabuni ya chanja inapanda hadi 3,910,345.

Ukiwa na Eksel, usiandike 11,600 kwa mkono. Weka iliyokamilika B5, ya chanja B6, asilimia C6:

```
=B5+B6*C6
```

Kila fungu liwe na mstari wake na asilimia yake. Malighafi 100%, kazi 80%, katoni 0%.

Kaptula_Ndefu
Lakini dada, banda la chanja si ni kama stoo? Niliambiwa gharama za kuhifadhi hazipandishwi kwenye thamani ya bidhaa.

Bi_Mkaguzi_Thika
Umeambiwa nusu ya maneno. IAS 2 inazitoa gharama za kuhifadhi, isipokuwa pale ambapo kuhifadhi ni lazima katika uzalishaji kabla ya hatua inayofuata. Sabuni mbichi huwezi kuipiga chapa na kuifunga, itaharibika ndani ya katoni. Kwa hiyo banda la chanja ni sehemu ya kiwanda. Banda la sabuni iliyokwisha kufungwa, ikisubiri lori, hilo ndilo stoo, na gharama yake inaliwa na mwezi huohuo.

Mzee_wa_Leja
Bi Mkaguzi, hoja yako ya 80 naikubali, ina sababu, lakini naogopa kidogo. Kiwanda kidogo kama hiki, kila mwezi karani akae na daftari la mishahara kupiga asilimia? Wengine tuliweka kanuni moja: kilicho kwenye chanja ni 75 kwa kazi, basi, mwaka mzima. Tofauti ya 75 na 80 haimfilisi mtu. Inayomfilisi ni tofauti ya mafuta.

Bi_Mkaguzi_Thika
Sikatai kanuni moja ya mwaka mzima, mzee. Ninachokataa ni asilimia inayobadilika bila sababu. Mfano huuhuu. Kwa 80 badala ya 50, kama miche 10,000 yote imeuzwa, faida ya mwezi inaongezeka 310,345, na hakuna sabuni hata moja ya ziada iliyouzwa. Meneja anayelipwa bonasi kwa faida anajua hili vizuri. Nimekuta kiwanda ambacho mzigo wa katikati ulikuwa asilimia 45 au 50 miezi yote, kisha Desemba ukawa 85. Kwenye chanja hakukuwa na kilichobadilika.

mtahiniwa_Iringa
Mkaguzi anagunduaje? Sabuni imeshaondoka kwenye chanja wakati anafika.

Bi_Mkaguzi_Thika
Kwanza unaomba daftari la kumwaga, lina tarehe ya kila pipa. Sabuni iliyomwagwa tarehe 23 haiwezi kuwa imefungwa tarehe 31 kama kukauka ni wiki mbili, na haiwezi kuwa bado haijakatwa. Tarehe inakuambia hatua, hatua inakuambia asilimia. Halafu unaangalia gharama ya kazi kwa mche mwezi hadi mwezi. Kama siku zote ni karibu 600 na ghafla imekuwa 540, wakati mishahara ni ileile na kuni ni zilezile, basi kuna mtu amenenepesha kigawanyo. Mwezi unaofuata itarudi juu, maana ile gharama iliyofichwa kwenye chanja lazima itoke.

Karani, na wewe kuwa makini hapo. Ukihama kutoka 50 kwenda 80 mwezi huu, ile 1,000 ya mwanzo bado imekuja na 200,000 iliyopimwa kwa 40. Kama nayo ingepimwa kwa 80 ingekuja na kama 400,000. Ukiweka 400,000 hapo, kazi yote inakuwa 6,800,000, inagawanywa kwa 11,600, inakuja 586. Faida ya ziada inashuka kutoka laki tatu na kumi elfu hadi laki moja na thelathini na nane elfu hivi. Zaidi ya nusu ya kile utakachokiona kama faida mpya ni kelele ya kubadilisha kipimo.

Karani_wa_Chanja
Kwa hiyo nirekebishe na mwezi uliopita?

Bi_Mkaguzi_Thika
Kubadilisha makadirio kunakwenda mbele, hakurudi nyuma, hivyo ndivyo IAS 8 inavyotaka. Usivunje vitabu vilivyofungwa. Lakini kwenye ripoti ya bosi andika mstari mmoja unaosema kipimo kimebadilika na kimeongeza kiasi gani, asije akaagiza gari.

Mzee_wa_Leja
Hapo sikubaliani moja kwa moja. Kama msimamizi alikuwa anapima kalenda na ilijulikana wazi kuwa si sahihi, hayo si makadirio yaliyobadilika, ni kosa. Kosa linarekebishwa nyuma.

Bi_Mkaguzi_Thika
Kosa kubwa, ndiyo. Laki mbili kwenye gharama za milioni 25 kwa mwezi, ndani ya mwaka uleule wa hesabu? Mimi ningepita nalo.

Mzee_wa_Leja
Wewe ungepita nalo, mimi ningeuliza mwaka mzima lilikuwa kiasi gani kwanza. Tuache hapo.

Msaga_Kilo
Wakuu samahani naingia kwa kuchelewa. Sisi nasi ni sabuni, ila tunahesabu kwa kilo, na kila mwezi hesabu inagoma. Tulichoanza nacho na kilichopikwa siku zote ni zaidi ya kilichotoka na kilichobaki. Bosi anasema vijana wanaiba. Tumefunga mpaka kamera. Kilo zinapungua vilevile.

Bi_Mkaguzi_Thika
Mnapima lini? Ikiingia kwenye fremu au ikitoka kwenye chanja?

Msaga_Kilo
Kuingia tunapima ikiwa mbichi, kutoka tunapima ikiwa imefungwa.

Bi_Mkaguzi_Thika
Basi mwizi wenu ni jua. Maji yanaondoka kwenye chanja. Kilo ya sabuni mbichi na kilo ya sabuni kavu ni vitu viwili tofauti, na nyinyi mnavijumlisha pamoja. Mwenye uzi anahesabu miche, mche ukikauka unabaki mche, ndiyo maana kwake 1,000 na 11,000 zimelingana na 10,000 na 2,000.

Kama lazima mtumie kilo, chagueni kipimo kimoja, mimi ningechagua kilo kavu. Chukueni fremu kadhaa, pimeni zikiwa mbichi, pimeni zikikauka, jueni uwiano wenu. Ya kwenye chanja igeuzeni kuwa kilo kavu kabla ya kuingia kwenye hesabu, halafu ndiyo muanze kuuliza asilimia za kazi. Maji yanayopotea kwa kawaida yasipewe gharama yoyote, gharama yake ibebwe na sabuni iliyobaki. Ikipungua zaidi ya uwiano huo, hapo sasa tazameni kamera.

Msaga_Kilo
Kuna kijana alifukuzwa kwa hili.

FundiCherehani_Moro
Duh.

Karani_wa_Chanja
Nimempelekea bosi leo. Nimemwonyesha mafungu matatu. Malighafi amekubali mara moja, alipoona sabuni ya chanja kwenye hesabu yake ina thamani ya sifuri alicheka mwenyewe. Kupandisha bei ameahirisha mpaka aone gharama za usafiri. Ila msimamizi amekasirika, anasema asilimia ni kazi yake na mimi sijawahi kupika sabuni.

Mzee_wa_Leja
Usimnyang'anye asilimia. Mwondolee hilo swali kabisa kwenye fomu. Badala ya "imefika asilimia ngapi" weka safu nne: iliyoko kwenye fremu, iliyokatwa lakini haijapanda chanja, iliyoko kwenye chanja na tarehe iliyopanda, iliyopigwa chapa lakini haina katoni. Yeye ahesabu vichwa tu, kazi anayoijua kuliko wewe. Asilimia za kila hatua zikae kwako, zitokane na daftari la mishahara, na uzipitie upya pale tu mnapobadilisha namna ya kufanya kazi.

Na usishangae ukiona sabuni ya kwenye fremu. Malighafi yake nayo ni asilimia 100.

Karani_wa_Chanja
Hiyo fomu nimeshaanza kuichora. Swali la mwisho wakuu: kuna miche inayovunjika wakati wa kukata. Hatuitupi, inarudishwa kwenye pipa la kesho na kupikwa upya. Mwezi uliopita karani wa zamani alikuwa anaihesabu kama miche iliyoanzishwa, halafu ikirudi kwenye pipa anaihesabu tena. Je, niiondoe mara ya kwanza au ya pili?

Kaptula_Ndefu
Ya pili. Imeshahesabiwa.

Bi_Mkaguzi_Thika
Ya kwanza. Haikutoka kuwa mche, ilirudi kuwa malighafi. Ipunguze kwenye idadi iliyoanzishwa, na thamani ya mafuta yake ipunguzwe kwenye malighafi ya leo iingie kwenye ya kesho. Kazi iliyotumika kuikata imepotea, ibebwe na mizuri kama vipande ni vya kawaida.

Mzee_wa_Leja
Ikivunjika na kurudi ndani ya mwezi mmoja, hizo safari zote za thamani ya mafuta hazina faida, toa idadi tu. Thamani isumbue pale vipande vinapolala kwenye ndoo tarehe 31. Karani, ndoo hiyo mnaipima?

Karani_wa_Chanja
Hapana mzee. Huwa iko nyuma ya pipa.